Kwa Nini Barua za Seva Ndogo Hukataliwa

Seva ndogo ya baruapepe ikishasimikwa, kupokea barua mara nyingi hakusumbui. Kunakogoma ni kutuma. Barua inayokwenda Gmail au Outlook haifiki, au hurudi na ujumbe wa makosa uliojaa tarakimu, ingawa programu ya seva ni nzima. Itifaki ya SMTP, ambayo seva hutumia kupelekeana barua, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa na kompyuta chache na wenye nazo walijuana. Haikumdai mtumaji kitambulisho chochote. Watuma barua taka walipoigeuza hali hiyo kuwa biashara, kampuni za mtandao zilianza kujikinga kila moja kwa namna yake, na leo seva ngeni hukutana na kinga hizo moja baada ya nyingine.

Chukua mfano wa duka la vitabu lililokodi seva yenye anwani ya IP 203.0.113.25 na kuipa jina mail.example.com. (Namba na jina hilo vimetengwa kwa ajili ya mifano tu.) Programu ya barua ni Postfix. Karani anaandika barua kwa mteja wa Gmail, anabonyeza kutuma, na kwenye skrini yake kila kitu kinaonekana sawa. Kumbe barua imekwama kwenye foleni. Amri ya `mailq` inaionyesha ikisubiri, na faili la kumbukumbu za seva lina mstari wenye maneno haya:

```
Connection timed out
```

Maneno hayo yanahitaji kusomwa kwa makini. Gmail haijakataa kitu. Haijui hata kama kuna barua inayokuja. Seva imebisha hodi kwenye poti namba 25 ya upande wa pili, na hodi yenyewe imemezwa njiani. Mlalamikiwa hapa ni kampuni iliyokodisha seva au iliyouza intaneti. Nyingi hufunga poti 25 kwa mawasiliano yanayotoka, kwa sababu kompyuta zilizoambukizwa virusi ziliitumia kumwaga barua taka duniani bila wenyewe kujua. Poti hiyohiyo inaweza kubaki wazi kwa mawasiliano yanayoingia, ndiyo maana duka linapokea barua huku haliwezi kutuma. Kufungua ukuta wa kinga ndani ya seva hakusaidii, kwani kizuizi kiko nje yake. Kipimo cha haraka ni hiki:

```
nc -vz -w 5 gmail-smtp-in.l.google.com 25
```

Kikinyamaza hadi muda ukaisha, poti imefungwa, na kuendelea kuchokonoa mipangilio ya Postfix ni kupoteza muda. Ubaya ni kwamba Postfix ina subira: isipobadilishwa, hujaribu tena na tena kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake, na siku zote hizo karani anaamini mteja ameipata.

Dawa ni kumwandikia mwenye seva na kuomba poti ifunguliwe. Hapo sera zinatofautiana. Amazon hupokea maombi hayo kwa maandishi, Hetzner huyafikiria baada ya mteja kulipa ankara ya kwanza, na Google Cloud kwa kawaida haifungui poti 25 kwenda nje.

Tuseme duka limekubaliwa. Barua inatoka, na safari hii Gmail inajibu yenyewe, kwa kukataa kunakobeba namba 550-5.7.25. Namba inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja; inayoanza na 4 humaanisha jaribu baadaye. Hii ya 5.7.25 inalalamikia rekodi ya PTR.

DNS hutumika zaidi kutoka kwenye jina kwenda kwenye namba: unauliza mail.example.com, unajibiwa 203.0.113.25. PTR hufanya kinyume chake. Seva inayopokea huchukua namba ya mgeni na kuuliza ina jina gani, kisha huuliza jina hilo lina namba gani. Majibu mawili yakikubaliana, mgeni amepita hatua hiyo. Yasipokubaliana, au jina lisipokuwepo kabisa, Gmail inaweza kuikataa barua bila kuisoma. Ukaguzi wake ni wa amri moja:

```
dig -x 203.0.113.25 +short
```

Jibu linalotakiwa ni `mail.example.com.` na nukta yake mwishoni. Wengi hukosea hapa kwa kwenda kuandika PTR mahali waliponunulia jina la kikoa. Mwenye jina hana mamlaka juu ya namba. PTR huandikwa na anayemiliki anwani ya IP, yaani kampuni ya seva, na kwa kawaida mteja hujaza jina kwenye ukurasa wa mipangilio ya seva yake au huomba kwa barua. Jina hilohilo ndilo linalofaa kuwekwa kwenye `myhostname` ya Postfix, ili seva ijitambulishe kwa jina linalojulikana. Kuna mtego mmoja zaidi: seva yenye anwani ya IPv6 inaweza kutumia hiyo kutuma, na kama PTR imewekwa kwa IPv4 peke yake, baadhi ya barua zitafika na nyingine zitakataliwa. Hali hiyo huchanganya sana mpaka mtu aangalie namba iliyotajwa ndani ya ujumbe wa kukataliwa.

Seva iliyofungwa nyumbani au ofisini kwa intaneti ya kawaida mara nyingi haifiki hatua hii. Anwani yake hubadilikabadilika, PTR yake haiguswi na mteja, na huenda iko kwenye orodha ya PBL ya Spamhaus, inayotaja anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Njia iliyobaki ni kupitisha barua kwa seva nyingine yenye sifa nzuri, nayo huingiwa kwa poti 587 na nenosiri. Poti hiyo kwa kawaida haifungwi, kwa kuwa kila anayeitumia anajulikana. Kwenye Postfix huandikwa hivi:

```
relayhost = [smtp.example.net]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = encrypt
```

Faili la `sasl_passwd` hubeba jina la seva vilevile lilivyoandikwa kwenye `relayhost`, pamoja na mabano yake, likifuatiwa na jina la mtumiaji na nenosiri. Kisha huendeshwa `postmap /etc/postfix/sasl_passwd`, na faili hufungwa lisisomwe na wengine. Jibu la 535 ni nenosiri kukataliwa. Maneno `Relay access denied` huashiria kwamba seva ya kupitishia haikumtambua mtumaji. Kwenye Debian, `no mechanism available` mara nyingi ni ishara kuwa kifurushi cha `libsasl2-modules` hakijasimikwa.

Baada ya hapo rekodi ya SPF ya duka lazima iitaje seva ya kupitishia, la sivyo barua zitaonekana zinatoka kwa asiyeruhusiwa. Njia hii ina gharama zake: seva ya kati huweka kikomo cha barua kwa siku, nayo inaweza kuziona zinazopita. Lakini kwa duka linalotuma ankara chache kila siku, ina nafuu kuliko kupigania poti 25, na barua zinazoingia zinaendelea kupokelewa kwenye seva ya duka lenyewe.