Kabla Dalali Hajagonga Nyundo

Tuchukue mwenye duka mjini Thika aliyeweka hati ya nyumba yake benki. Deni limebaki shilingi milioni 4, na mwisho wa Januari hakulipa. Jirani atamwambia benki inaweza kuja kesho kumtoa. Haiwezi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 imeweka ngazi, na benki ikiruka moja, mnada unaweza kusimamishwa mahakamani.

Kwanza lazima mwezi mzima upite bila malipo. Ndipo mapema Machi benki inaweza kutuma notisi inayotaja kiasi anachodaiwa na kumpa muda usiopungua miezi 3 kulipa. Juni ikiingia bila malipo, inafuata notisi ya pili, ya nia ya kuuza, yenye siku 40. Nakala yake hupelekwa pia kwa mume au mke wa mdaiwa na kwa mdhamini. Baada ya hapo dalali wa mnada huleta notisi yake ya siku 45, kisha hutangaza gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Ukihesabu, nyundo haigongwi kabla ya Septemba.

Wengi hupoteza miezi hiyo kwa kutofungua barua, au kwa kuhama bila kubadilisha anwani. Benki ikionyesha stakabadhi ya posta ya rejesta kwenda sanduku la posta ulilojaza mwenyewe kwenye fomu, ni vigumu kumshawishi jaji kwamba hukujua.

Anayekwenda kortini huwa na hoja nzito akionyesha kasoro ya wazi: notisi yenye muda mfupi, nyumba ya ndoa iliyowekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, au nyumba isiyothaminiwa upya kabla ya kuuzwa, ilhali benki inapaswa kutafuta bei nzuri iwezekanavyo. Kusema tu kwamba biashara imedorora hakusaidii. Hata ubishi juu ya hesabu ya riba, kwa kawaida, hauzuii mnada peke yake.

Hadi nyundo igongwe, mdaiwa anaweza kulipa deni lote na gharama akaokoa nyumba. Ikishagongwa, mlango huo hufungwa. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria, na mwenye nyumba aliyeuziwa kimakosa hubaki kudai fidia kwa benki. Kwa hiyo mwenye malalamiko aende kortini mapema, asingoje asubuhi ya mnada.

Nyumba ikiuzwa milioni 5.2, huondolewa kwanza kodi na ada za ardhi pamoja na gharama za mnada, kisha deni, na salio ni la mdaiwa; ana haki ya kudai hesabu. Ikiuzwa milioni 3.5, nyumba imekwenda na benki bado inaweza kumshtaki kwa kilichopungua.