Kabla ya Kusaini, Uliza kwa Maandishi

Barua ya ajira ikifika baada ya miezi ya kusubiri, mkono hukimbilia kalamu. Lakini ni siku chache hizi tu, kati ya kuipokea na kuisaini, ambapo afisa utumishi anakuhitaji kama wewe unavyomhitaji yeye. Swali linalojibiwa kwa urahisi leo, mwezi ujao litaonekana malalamiko.

Tuchukue mfano wa dada anayeitwa kazi ya uhasibu msaidizi katika kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam. Barua inasema: mshahara shilingi 1,200,000 kwa mwezi, posho zikiwemo, kipindi cha matazamio miezi 6, bima ya afya na marupurupu mengine kwa mujibu wa taratibu za kampuni. Inasomeka vizuri, ila hapo kuna mambo matatu yasiyojulikana.

La kwanza ndilo zito: miezi 6 ikiisha na hakuna barua ya kumthibitisha, yeye ni nani? Watu wengi huamini kwamba muda ukipita umethibitishwa wenyewe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema sivyo. Kuisha kwa muda peke yake hakumthibitishi mtu kazini. Na aliye kwenye matazamio hana kinga kamili ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Kanuni za mwaka 2007 zinataka matazamio yasizidi miezi 12, na mwajiriwa aelezwe kasoro zake, asikilizwe, apewe muda wa kujirekebisha. Hata hivyo nimeona watu wakifanya kazi mwaka na zaidi bila kujua wamesimama wapi, na jambo hili linaniuma, kwa sababu sentensi moja tu kwenye mkataba ingeliwaokoa. Basi aombe iandikwe: tathmini itafanywa lini na nani, majibu yatatolewa kwa barua ndani ya siku ngapi, na kampuni ikinyamaza itahesabika vipi.

La pili ni huo mshahara wenye posho ndani yake. Malipo ya saa za ziada hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, si kwa jumla. Kadhalika kiinua mgongo, ambacho kwa aliyetimiza miezi 12 ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Akifanya kazi saa 45 kwa wiki na msingi ukiwa 1,200,000 yote, saa moja ya ziada ni kama shilingi 9,230. Msingi ukiwa 700,000 na posho 500,000, saa ileile inashuka hadi kama 5,385. Fedha ya mwisho wa mwezi inafanana, haki zinazotokana nayo hazifanani.

La tatu ni tarehe ya kuanza kwa mafao. Bima ya afya ya kampuni inaweza kuanza siku ya kwanza au baada ya kuthibitishwa, na mwenye mtoto mdogo anahitaji kujua ni ipi, na kama wategemezi wamo. NSSF ni habari nyingine: matazamio si sababu ya kuchelewesha michango.

Ajibiwe vipi? Simu haitoshi. Aandike barua pepe fupi, ya heshima:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa barua ya ajira, na nina nia ya kujiunga nanyi. Kabla ya kusaini naomba ufafanuzi: mshahara wa msingi ni kiasi gani na kila posho ni kiasi gani? Bima inaanza tarehe ipi na inahusu nani? Baada ya miezi 6, barua ya kuthibitishwa au ya kuongezewa muda itatolewa lini? Naomba majibu yaingizwe kwenye mkataba au nyongeza yake."

Sentensi ya mwisho isiachwe. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba mkataba huo ndio makubaliano yote, na kifungu hicho kinaweza kuipunguzia nguvu barua pepe iliyotangulia. Akipigiwa simu badala ya kuandikiwa, asikilize, kisha siku hiyohiyo aandike: "Kama tulivyozungumza, nimeelewa kwamba..." na aombe ithibitishwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi: kazi, mahali, saa, ujira na namna unavyokokotolewa, pamoja na mafao. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri asiwe na maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Kwa hiyo afisa utumishi anayejua kazi yake hujibu. Akisema "utaona ukishaanza", dada aombe siku mbili zaidi, aulize tena kwa maandishi, na asiache kazi aliyonayo mpaka jibu lifike.