Kwa nini Mwingereza hasemi "I am agree"

Umeniuliza, ndugu yangu, kwa nini ukiandika "I am angry" mwalimu anakupa vema, lakini ukiandika "I am agree" anapiga mstari mwekundu. Kosa hilo silo la uvivu. Linatoka kwenye Kiswahili chako, tena pale kinapofanya kazi vizuri.

Angalia tunavyosema: nimechoka, nimekasirika, nimeshiba, nimelala. Yote ni vitenzi, na -me- inaeleza kwamba jambo limeshatokea na hali yake bado ipo. Kiingereza, kwa hali hizohizo, kina vivumishi: "tired", "angry", "full", "asleep". Kivumishi chao hakiwezi kukaa peke yake baada ya "I". Lazima kishikwe mkono na "am". Basi kichwa chako kimejitungia kanuni bila kufundishwa na mtu: penye nime-, weka "I am". Kanuni hiyo inakufaa mara nyingi, ndiyo maana umeiamini. Ukifika kwenye "nimekubali", inakutolea "I am agree".

Hapo inakuangusha, kwa sababu "agree" si kivumishi. Ni kitenzi kamili kama kukubali kwetu, na kilikuwa kitenzi tangu Waingereza walipokichukua kwa Wafaransa katika karne ya 14. "Am" nayo ni kitenzi. Kuviweka pamoja namna hiyo ni kama kusema "mimi ni nakubali". Sikio lako linakataa papo hapo, kwa kuwa "nakubali" haihitaji msaada wa "ni".

Wahispania nao huteleza hapohapo, ila kwa njia yao. Wao husema "estoy de acuerdo", yaani wako katika mapatano, kisha ile "estoy" wanaihamisha ikiwa "am".

Ukishikwa na shaka, mweke mtu mwingine, kisha ukanushe. "She agrees" inakubali s mwishoni. "She angries" haipo. "I don't agree" inakanushwa kwa "do", na "I am not angry" kwa "am" yenyewe. Chukua sentensi yako: "I am agree with you, but my brother is not agree." Ondoa "am", kisha mahali pa "is not" weka "doesn't": "I agree with you, but my brother doesn't agree." Ile s imehamia kwenye "does", ndiyo maana "agree" imebaki tupu.

Utakapomsikia mwenyekiti wa kikao akiuliza "Are we agreed?" usidhani amekosea. Herufi d ya mwisho imekigeuza kitenzi kuwa hali ya watu waliokwisha kuafikiana. Anachouliza ni: tumekubaliana? Hapo, kwa ajili ya ile d, "are" yao na -me- yetu zinakutana.