Ukadiriaji wa Eneo la Mashamba kwa Kuchora Mipaka Juu ya Taswira za Setilaiti: Mfano wa Miteremko ya Litembo, Mbinga

Mashamba mengi ya Litembo, katika nyanda za juu za Wamatengo wilayani Mbinga, yamelala kwenye miteremko mikali na hulimwa kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta yaliyofunika nyasi. Mkulima akiulizwa ukubwa wa shamba lake, mara nyingi hujibu "heka moja". Mipaka ya shamba hilo ikichorwa juu ya taswira, kompyuta huweza kusoma chini ya theluthi mbili za ekari. Watafiti wengi huiandika tofauti hiyo kuwa kosa la mkulima na kuendelea na kazi. Huo ni uamuzi wa haraka mno.

Jambo la kwanza ni neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida "heka" ni ekari, yaani mita za mraba 4,047. Mdadisi anayeiandika kuwa hekta huwa amelikuza shamba karibu mara mbili na nusu kabla hata ya kupima. Jambo la pili ni namna mkulima alivyoipata hesabu yake. Ekari hukadiriwa kwa hatua 70 kwa 70, na kanuni hiyo hutimia tu iwapo kila hatua ina urefu wa takribani sentimita 91. Kwenye mteremko ni wachache wawezao kutembea hivyo.

Lichukuliwe shamba la mfano lenye umbo la mstatili, kwenye mteremko wa asilimia 50. Mkulima alihesabu hatua 70 kila upande. Hatua zake zilipopimwa kwa utepe, zilikuwa sentimita 85 akikata mteremko na sentimita 70 akipanda. Hivyo pande za shamba ni mita 59.5 na mita 49, na eneo la uso wa ardhi ni takribani mita za mraba 2,916, sawa na ekari 0.72. Taswira, hata hivyo, huliona shamba kutoka juu. Upande unaopanda huonekana mfupi zaidi: 49 × 0.894, yaani mita 43.8, kwa kuwa 0.894 ni kosaini ya pembe ya mteremko huo. Eneo la ramani basi ni mita za mraba 2,606, sawa na ekari 0.64.

Kati ya pengo la ekari 0.36, hatua fupi zimechangia 0.28 na mteremko 0.08 tu. Mtafiti anayesahihisha mteremko peke yake, kama ilivyo desturi, huliacha pengo kubwa bila maelezo. Nalo lina uzito: magunia sita ya mahindi kutoka shamba hilo ni mavuno ya magunia sita kwa ekari kwa kauli ya mkulima, lakini ni zaidi ya tisa kwa eneo la ramani. Mkulima huyohuyo aweza kuonekana dhaifu au hodari.

Uchoraji nao una mitego yake. Pikseli ya Sentinel-2 ina upana wa mita 10, kwa hiyo shamba hili lingekuwa na pikseli 26 tu, nyingi zikiwa mpakani. Taswira ya chini ya mita moja inahitajika. Mstari ukivutwa nje kwa mita moja pande zote, eneo huongezeka kwa takribani asilimia 8. Katika QGIS, tabaka liwekwe kwenye EPSG:32736, kanda inayoihusu Litembo, kisha eneo kwa ekari lihesabiwe hivi:

```
area($geometry) / 4047
```

Tabaka likiachwa kwenye EPSG:4326, jibu hutoka katika digrii za mraba, nambari ndogo isiyo na maana. Ni rahisi kuitambua.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba ngoro za majirani huungana. Maharage yakishavunwa, mashimo huonekana vizuri kama wavu, lakini wavu huo hauoneshi shamba la nani linaishia wapi. Hapo mchoraji hana budi kutembea mpakani pamoja na mwenye shamba.

Bustani za kahawa zilizofunikwa na migomba hazichoreki kwa uhakika. Kwa hizo, hesabu ya miche husaidia kuliko taswira: miche 300 kwa nafasi ya mita 2.7 kwa 2.7 hukalia mita za mraba 2,187 za uso wa ardhi. Nafasi hiyo ipimwe kwa utepe mahali kadhaa, maana miche ya kujazia mapengo haifuati mstari. Kisha eneo lizidishwe kwa kosaini ya mteremko kabla ya kulinganishwa na poligoni yoyote ya jirani.