TV's au TVs? Alama ndogo iliyoniponyoka na oda ya TV tatu

Wanabiashara wenzangu, leo nawapa kisa changu. Nauza TV na breketi zake mtandaoni. Kuna mteja mwenye nyumba ya wageni aliniomba bei ya TV sita kwa barua pepe, kwa Kiingereza. Nikamjibu haraka haraka:

"We have 6 TV's. The TV's brackets are included in the price."

Mimi nilimaanisha kila TV inakuja na breketi yake. Yeye akauliza: hizo breketi ni za TV moja au zote sita? Swali lake nililiona kesho yake asubuhi. Kumbe jioni ile alishanunua TV tatu kwingine. Kwangu akachukua tatu zilizobaki.

Kosa lilikuwa wapi? Kwenye Kiswahili ile alama ya juu tumeizoea kwenye ng'ombe, na kazi yake pale ni kuonyesha sauti. Kwenye Kiingereza, alama hiyo ikifuatiwa na s mara nyingi inaonyesha umiliki. Kwa hiyo "the TV's brackets" ni breketi za TV, na TV yenyewe ni moja. Ukitaka wingi, weka s ndogo tu, bila alama: TVs, CVs, ATMs, PDFs.

Ninavyojipima siku hizi: kila nikiona 's baada ya kifupisho, najaribu kuweka "ya" au "za" ya Kiswahili. "The ATM's screen" ni skrini ya ATM. Inakubali, alama inabaki. "We accept CV's" je? Tunapokea "za CV"? Haileti maana, basi alama itoke: "We accept CVs."

Wingi ukikutana na umiliki, alama inakwenda baada ya s: "the TVs' brackets". Ni sahihi, ila msomaji mwenye haraka anaweza asiione. Kwenye bei mimi naandika hivi:

"Brackets for all 6 TVs are included."

Hapo hakuna wa kuuliza tena.

Vifupisho vinavyoishia na S vinasumbua kidogo. POSs inakaa vibaya machoni, kwa hiyo andika "POS machines". Na usishangae ukikuta TV's kwenye maandishi ya zamani. Hata gazeti la New York Times liliwahi kuandika hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi wengi wameacha, na mteja akiiona kwenye bei yako anaweza kudhani hukukagua ulichoandika.

Tukiandika Kiswahili hatuna shida hiyo: TV sita, CV tatu, ATM mbili. Namba inatosha, hakuna s wala alama.

Kabla hujatuma bei kwa Kiingereza, pitia kila 's iliyo baada ya kifupisho na uipime kwa "ya", kisha jiulize kama kitu ni kimoja au ni vingi. Ingeniokolea TV tatu.