Mbuzi Mmoja Hupata Kilo Ngapi za Mahindi?

Kila mwezi, katika kaunti 23 za maeneo kame ya Kenya, wakusanyaji takwimu wa mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame hupita vijijini na maswali yaleyale. Mnakamua maziwa kiasi gani kwa siku? Mifugo wanatembea kilomita ngapi kufika majini? Mbuzi anauzwa bei gani sokoni, na kilo ya mahindi je? Majibu hayo ndiyo yanayoiambia kaunti kwamba ukame uko njiani.

Ukame huja kwa hatua. Mvua ikikosa, nyasi ndizo hutangulia kukauka. Malambo yakipungua maji, mifugo huenda mbali zaidi, na ng'ombe aliyechoka hupunguza maziwa. Baadaye hukonda. Mwisho kabisa ndipo mtoto anapokonda, na mhudumu wa afya akizungusha utepe kwenye mkono wake wa juu, husoma chini ya milimita 125, dalili ya utapiamlo. Utepe ule hausemi uongo, lakini umechelewa: unapima madhara yaliyokwisha kufika. Dalili ya nyasi na ya maziwa ina shaka zaidi, ila inakuachia miezi ya kufanya kazi.

Katikati ya mlolongo huo kuna kipimo ambacho mimi nakithamini kuliko vyote: mbuzi mmoja anakupatia mahindi kilo ngapi. Tuseme Januari mbuzi aliuzwa shilingi 4,000 na kilo ya mahindi ilikuwa shilingi 50. Mfugaji alirudi nyumbani na kilo 80. Mei mbuzi amekonda, kila mtu anauza, bei imeshuka hadi 2,400, na mahindi yamefika 80. Sasa anapata kilo 30. Ukitazama bei ya mbuzi peke yake utaona imepungua kwa chini ya nusu. Ukizitazama bei mbili pamoja utaona chakula cha familia kimebaki chini ya nusu.

Lakini dalili inaweza kuonekana wazi na watu wakafa. Mwaka 2010 wataalamu wa usalama wa chakula walianza kuonya kuhusu Somalia mwezi Agosti, kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijakosa. Onyo lilifuatwa na onyo. Njaa kuu ilitangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011, na utafiti wa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Vita na vizuizi vya misaada vilichangia sana. Hata hivyo, fedha nyingi zilisubiri tangazo, na tangazo lenyewe hudai, pamoja na mambo mengine, vifo viwili kwa kila watu 10,000 kwa siku. Kengele inayongoja maiti haiwezi kuwaokoa.

Ndiyo maana onyo huhitaji kizingiti: kiwango kilichokubaliwa mapema, ambacho kikivukwa kazi fulani inaanza bila kuitisha mjadala mpya. Kenya hutumia picha za setilaiti kupima ukijani wa nchi. Ukijani wa sasa hulinganishwa na wa majira hayohayo miaka iliyopita, ambapo 0 ni hali mbaya kuliko zote zilizowahi kurekodiwa na 100 ni nzuri kuliko zote. Wastani wa miezi mitatu ukishuka chini ya 35, ukame umeanza. Chini ya 20, ni mkali. Chini ya 10, umepita kiasi. Katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, mpango wa kutuma fedha kwa familia maskini uliunganishwa na viwango hivyo: ukame mkali ukisomeka, familia za ziada huingizwa kwenye malipo.

Kizingiti kikiwekwa juu mno, utatumia fedha na mvua inyeshe wiki ijayo. Kikiwekwa chini mno, utanunua ng'ombe wasioweza kusimama. Njia ya busara ni kupanga kazi kwa gharama. Kwenye kiwango cha kwanza, rekebisha pampu za visima na uweke akiba ya vipuri, kazi ambayo haipotei hata mvua ikija. Kununua mifugo kutoka kwa wafugaji kufuate kiwango cha pili, wakati bado wana nyama. Maji ya kusafirishwa kwa maboza, ambayo ni ghali, yaje baadaye.

Setilaiti nayo hudanganyika. Turkana na Baringo kuna mathenge, mti wa miiba uliotapakaa kando ya mito na kubaki kijani hata kiangazi. Kutoka angani eneo huonekana lina uhai, ilhali chini ya miti hakuna jani la nyasi. Hapo ndipo maswali ya kijijini yanapohitajika tena. Kipimo cha angani kikisema 45 na akina mama wakisema maziwa yamekatika tangu mwezi uliopita, afisa apande gari aende akaone mwenyewe kabla taarifa ya mwezi haijatoka.