Rimu za Aloi: Vumbi la Breki, Chumvi na Dawa Kali

Vumbi jeusi linaloganda kwenye rimu, hasa za mbele, si tope la barabarani. Ni chembe za pedi na za diski ya breki zinazosagika kila breki inapokanyagwa, zikiruka zingali za moto na kunata. Zikipata unyevu, chuma kilichomo hushika kutu na kuacha vitone vya rangi ya chungwa ambavyo sabuni haiviwezi.

Rimu ya aloi, au rimu ya sporti kama wengi wanavyoiita, ni alumini iliyopakwa rangi na juu yake klia, utando angavu unaoikinga. Klia ikiwa nzima, chumvi haipati pa kuingilia. Ikichubuka, kwa kugusa ukingo wa barabara au kwa kubanwa kipande cha uzito wa kubalansi, chumvi hufika kwenye alumini na kutoboa oksidi inayoilinda. Ulikaji hutambaa chini ya klia kama nyuzi nyeupe, kisha klia hubambuka.

Gari lililotumika Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kufika Mombasa au Dar es Salaam na ugonjwa huo tayari, na upepo wa bahari ukauendeleza. Dalili moja huwapotosha wengi: tairi linataka kujazwa upepo kila wiki, wala halina msumari. Povu la sabuni likipakwa pale tairi linapokutana na rimu, vipovu huonyesha mahali unga mweupe ulipoinua tairi. Tairi hushushwa na ukingo kusafishwa. Kubadilisha tairi peke yake ni kupoteza fedha.

Wapo waosha magari wanaotumia asidi au kostiki soda, kwa sababu madoa hutoka upesi. Kostiki huyeyusha alumini yenyewe. Vile vipovu vinavyochemka ni haidrojeni, na rimu hubaki na weusi wa kijivu. Asidi yenye floridi ni hatari zaidi, kwani hupenya ngozi na huenda maumivu yasihisiwe mapema.

Njia salama huanza rimu ikiwa baridi, kwa maji mengi. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa, maana huvutwa mapafuni, na baadhi ya pedi za zamani zina asbesto. Sabuni ya gari isiyo kali hufuata, kwa brashi laini na ndoo isiyotumika kwenye bodi. Kwa vitone vilivyobaki kuna dawa ya kuyeyusha chuma isiyo na asidi: ikikutana na chembe hugeuka zambarau. Huachwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, isikaukie juani, kisha husuuzwa. Rimu hukaushwa na kupakwa nta. Gari likiondoka, breki zikanyagwe taratibu mara kadhaa ili diski zikauke.